Pale n! Inapoipita 10ⁿ

Kikokotoo cha sayansi, kile ambacho wanafunzi wa sekondari huingia nacho katika chumba cha mtihani, kina kitufe kilichoandikwa x!. Andika 5, bonyeza kitufe hicho, nacho kitakupa 120, yaani 1 × 2 × 3 × 4 × 5. Namba ya aina hii huitwa faktoriali, na alama yake ya mshangao ililetwa na mwanahisabati Christian Kramp mwaka 1808. Inahesabu mipango. Watu watano wakitaka kupanga foleni, wa mbele anaweza kuwa yeyote kati ya watano, anayemfuata yeyote kati ya wanne waliobaki, kisha watatu, kisha wawili, na wa mwisho hana hiari. Foleni tofauti zinazowezekana ni 120. Watu wakiwa kumi, foleni zinafika 3,628,800.

Endelea kubonyeza. Vikokotoo vingi vya aina hiyo vitaikubali 69! na kuonyesha 1.711224524 × 10⁹⁸. Ukiomba 70!, skrini inaandika Math ERROR, kwa kuwa jibu limevuka 10¹⁰⁰ na mashine haikutengenezewa namba kubwa kiasi hicho. Si kwamba umekosea, umeishiwa skrini.

Kuna namba nyingine zenye sifa ya kukua kwa kasi, nazo ni zile za vipeo. Unachukua namba moja isiyobadilika, tuiite msingi, unaizidisha kwa yenyewe mara n. Ukichagua msingi wa 10 unapata 10, 100, 1,000 na kuendelea. Ukichagua msingi wa 2 unapata ile hadithi ya bao la sataranji ambayo Ibn Khallikan aliisimulia katika karne ya 13: punje moja ya ngano kwenye chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, hadi chumba cha 64, na mfalme anagundua kwamba ghala zake zote hazitoshi. Jumla ya punje ni 18,446,744,073,709,551,615. Lakini kama aliyeomba ngano angeomba faktoriali, punje 1, kisha 2, kisha 6, kisha 24, chumba cha 21 peke yake kingeizidi jumla hiyo yote, maana 21! ni 51,090,942,171,709,440,000. Vyumba 43 vingekuwa bado vitupu.

Kwa hiyo msingi wa 2 haufui dafu. Vipi msingi wa 10? Hapa mambo yanaanza kwa sura nyingine. Kwa n = 10, faktoriali ni milioni tatu na ushei, ilhali 10¹⁰ ni bilioni kumi, kubwa zaidi ya mara 2,755. Kwa n = 20 kipeo bado kinaongoza, safari hii kwa mara 41. Kwa n = 24 kinaongoza kwa mara 1.6 tu. Halafu kwa n = 25 faktoriali inapita mbele, na tangu hapo hairudi nyuma tena.

Sasa jaribu msingi wa 1,000. Kikokotoo kitakubali 1000³³, ambayo ni 10⁹⁹, lakini 1000³⁴ itakupa Math ERROR. Katika hatua hiyo ya 33, faktoriali iko kwenye 8.68 × 10³⁶. Imeachwa nyuma kwa pengo lenye tarakimu zaidi ya sitini, na pengo linazidi kupanuka kila hatua. Anayeamini macho peke yake atasema hapa mbio zimekwisha, 1000ⁿ imeshinda. Atakuwa amekosea. Faktoriali inaipita hata hiyo, mbali sana nje ya skrini, na inaipita pia milioniⁿ, na bilioniⁿ, na msingi wowote utakaoutaja, mradi tu uutaje kabla ya mbio kuanza na usiubadilishe njiani. Hili ni dai ambalo hakuna mashine inayoweza kulionyesha kwa kuhesabu, kwa sababu misingi haina mwisho. Linahitaji uthibitisho, na uthibitisho wake ni rahisi kuliko dai lenyewe linavyosikika.

Tazama kwanza kinachotokea hatua kwa hatua. Kila tunaposonga mbele, 10ⁿ huzidishwa kwa 10 ileile. Faktoriali huzidishwa kwa namba ya hatua yenyewe: hatua ya 3 kwa 3, hatua ya 7 kwa 7, hatua ya 50 kwa 50. Ndiyo maana mwanzoni inaachwa. Hatua tisa za kwanza inazidishwa kwa namba ndogo kuliko 10, na katika hatua ya 10 zote mbili zinazidishwa sawasawa. Hapo ndipo pengo linapofika kilele chake cha mara 2,755. Kuanzia hatua ya 11 mambo yanageuka: pengo linagawanywa kwa 1.1, kisha kwa 1.2, kisha kwa 1.3. Ikifika hatua ya 20 linagawanywa kwa 2, na baada ya hapo kwa zaidi ya 2 kila mara. Pengo lolote, liwe kubwa namna gani, ukiligawa kwa 2 tena na tena litakwisha.

Huu tayari ni uthibitisho, na mtu akiishia hapa hajakosea. Kasoro yake ni kwamba hautuambii pengo litakwisha lini mpaka tujue ukubwa wake lilipokuwa kileleni. Kwa msingi wa 1,000 kilele kiko kwenye hatua ya 1,000, na pengo la hapo ni namba yenye tarakimu 433. Nani ataikokotoa kwa mkono? Tunachotaka ni njia ya kuupima ukubwa wa n! bila kuifungua yote. Njia hiyo ni kuibana: kutafuta namba nyepesi ambayo n! haiwezi kuwa kubwa kuliko hiyo, na nyingine nyepesi ambayo haiwezi kuwa ndogo kuliko hiyo.

Upande wa juu ni wa bure. Faktoriali ni zao la namba n, kuanzia 1 hadi n, na hakuna hata moja iliyo kubwa kuliko n. Ukizipandisha zote ziwe n, zao linaongezeka au linabaki vilevile. Kwa hiyo n! ≤ nⁿ. Watu wengi wakishafika hapo hudhani kazi imekwisha. Wanaona nⁿ inaipita 10ⁿ mara tu n inapozidi 10, na n! iko karibu na nⁿ, basi n! nayo inapita. Hoja hiyo haina miguu. Kujua kwamba mfuko una shilingi zisizozidi laki moja hakukuambii kwamba una hata mia. Ili kuonyesha kwamba faktoriali inashinda, tunahitaji ukuta wa chini.

Ukuta wa chini ukijengwa kivivu hauna faida. Ukisema kila namba katika zao ni angalau 1, unapata kwamba n! ni angalau 1. Kweli, lakini haitusaidii. Ukisema kila namba isipokuwa ya kwanza ni angalau 2, unapata kwamba n! ni angalau 2ⁿ⁻¹. Hii nayo ni kweli, na bado haifiki mbali: 3ⁿ inauacha ukuta huo nyuma, sembuse 10ⁿ. Unaweza kuendelea kusema kwamba namba zote isipokuwa mbili za kwanza ni angalau 3, na kwamba zote isipokuwa tatu za kwanza ni angalau 4. Kila ukuta wa namna hiyo una msingi uliosimama mahali pamoja, na daima kutakuwa na msingi mkubwa kuliko huo. Tunautaka ukuta ambao msingi wake wenyewe unakua pamoja na n.

Njia ya kwanza ya kuupata ni kutupa nusu. Chukua 100!. Namba kuanzia 51 hadi 100 ziko hamsini, na kila moja inazidi 50. Zile hamsini za chini, 1 hadi 50, tunazisahau. Kuziacha kunapunguza zao tu. Kwa hiyo 100! ni kubwa kuliko 50⁵⁰. Hoja hiyohiyo inafanya kazi kwa n yoyote: nusu ya juu ina angalau namba n/2, kila moja ni angalau n/2, kwa hiyo n! ni angalau (n/2)^(n/2). Namba ilipokuwa witiri hesabu ya nusu inaongezeka kidogo, na kuongezeka huko ni kwa faida yetu.

Sasa ulinganisho unakuwa mwepesi. Tunataka kujua lini (n/2)^(n/2) inaipita 10ⁿ. Andika 10ⁿ kwa namna nyingine: kila jozi ya 10 ni 100, kwa hiyo 10ⁿ ni 100^(n/2). Vipeo vimekuwa sawa pande zote mbili, na kilichobaki ni kulinganisha misingi, n/2 dhidi ya 100. Ikizidi n = 200, faktoriali imeshinda, bila shaka yoyote na bila kikokotoo. Tunajua kwamba ushindi halisi ulipatikana kwenye 25, kwa hiyo ukuta wetu umechelewa sana. Lakini haukudanganya.

Njia ya pili inaniridhisha zaidi, na haihitaji kutupa chochote. Andika namba za 10! mstarini, kisha funga ncha kwa ncha: 1 na 10, 2 na 9, 3 na 8, 4 na 7, 5 na 6. Mazao ya jozi hizo ni 10, 18, 24, 28 na 30. Ukiyazidisha yote matano unarudi palepale kwenye 3,628,800. Angalia jinsi mazao yenyewe yanavyopanda. Jozi ya pembeni kabisa ndiyo ndogo kuliko zote, nayo ni 10. Jozi ya katikati ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni 30. Kwa hiyo 10! haipungui 10⁵, yaani 100,000, wala haizidi 30⁵, yaani 24,300,000. Tumeibana kutoka pande zote mbili kwa kuangalia jozi mbili tu.

Je, jozi ya pembeni daima ndiyo ndogo? Chukua namba k, mwenzake ni n + 1 − k. Toa n kwenye zao lao na utabaki na (k − 1) × (n − k). Kwa kuwa k iko kati ya 1 na n, hakuna kizidishi hata kimoja hapo kilicho hasi, basi zao la jozi halipungui n hata mara moja. Kuna kijitatizo n ikiwa witiri, kwa sababu namba ya katikati inabaki bila mwenza. Dawa yake ni kuandika faktoriali mara mbili, mstari mmoja ukipanda kutoka 1 hadi n na mwingine ukishuka kutoka n hadi 1, na kufunga jozi wima. Sasa kila namba ina mwenzake, jozi ziko n, na zao la zote ni n! mara n!. Kila jozi ni angalau n, kwa hiyo n! mara n! ni angalau nⁿ. Tafuta kipeuo cha pili cha pande zote mbili:

n^(n/2) ≤ n! ≤ nⁿ

Ukuta wa kushoto unaweza kuandikwa pia (√n)ⁿ, na hapo siri yote inakuwa wazi. Faktoriali haipungui kipeo ambacho msingi wake ni √n. Msingi huo unapanda polepole, kwa n = 100 ni 10 tu na kwa n = milioni moja ni 1,000, lakini haukomi kupanda. Msingi wowote usiobadilika, tuuite a, utapitwa mara √n itakapouzidi, yaani n itakapozidi a × a. Kwa msingi wa 10 jibu ni: baada ya 100, hakika. Kwa msingi wa 1,000: baada ya milioni moja, hakika. Kwa msingi wa bilioni moja: baada ya namba yenye tarakimu 19, hakika. Mstari mmoja umeimaliza misingi yote, ile iliyokwisha kutajwa na ile ambayo hakuna aliyewahi kuitaja.

Neno «hakika» hapa lisichukuliwe kuwa ni «hasa». Ukuta unasema kuanzia wapi hatuna wasiwasi. Hausemi mbio ziligeukia wapi. Kwa msingi wa 10 tulipata 200 kwa kutupa nusu, tukapata 100 kwa kufunga jozi, na ukweli ni 25. Kwa msingi wa 1,000 jozi zinasema milioni, ilhali faktoriali inaongoza muda mfupi tu baada ya hatua ya 2,700. Tofauti hiyo ni kubwa, na mwenye haraka atauliza kama hatuwezi kuukaza mbano.

Tunaweza, kwa gharama ndogo. Dai la kukaza ni kwamba n! daima inazidi (n/3)ⁿ. Kwa n = 1 ni dhahiri, kwani 1 inazidi theluthi moja. Tukisogea hatua moja kutoka n, faktoriali inazidishwa kwa n + 1. Ukuta wetu nao unazidishwa kwa (n + 1)/3 mara (1 + 1/n)ⁿ. Kila kitu kinategemea ile sehemu ya mwisho. Ikiwa iko chini ya 3, ukuta unazidishwa kwa namba ndogo kuliko ile inayozidisha faktoriali, kwa hiyo hauwezi kuifikia. Na iko chini ya 3 siku zote. Jacob Bernoulli alikutana na namba hiyohiyo mwaka 1683 alipokuwa akichunguza riba: ukikopesha sarafu moja kwa riba ya asilimia mia kwa mwaka, riba ikahesabiwa kwa vipindi n na kila mara ikaongezwa kwenye mtaji, mwisho wa mwaka una (1 + 1/n)ⁿ. Kwa kipindi kimoja ni 2, kwa vipindi viwili ni 2.25, kwa kumi na viwili ni 2.61 na kidogo, na hata ukihesabu kila sekunde haivuki 2.71828 na vipande vyake. Mkopeshaji mwenye tamaa ana ukomo, na ukomo huo unatufaa.

Kwa ukuta huu mpya, msingi a unapitwa mara n inapofika mara tatu ya a. Msingi wa 10 unapitwa kufikia 30, badala ya 100. Msingi wa 1,000 unapitwa kufikia 3,000, badala ya milioni. Ukitaka kukaza zaidi, weka 2.71828… mahali pa 3 na ukuta bado utasimama. James Stirling na Abraham de Moivre walikwenda mbali zaidi ya hapo kufikia mwaka 1730, wakapata makadirio ya n! ambayo kosa lake ni sehemu ndogo sana ya jibu. Lakini tayari tuna zaidi ya tulichohitaji. Kwa kujua nani atashinda, √n ilitosha. Kukaza ni kwa ajili ya kujua lini.

Swali la «lini» si la mchezo wa namba peke yake, na mahali pazuri pa kuliona ni kwenye kazi ya kupanga vitu kwa mfuatano. Chukua karatasi 1,000 za mtihani zilizochanganyika, zinazotakiwa kupangwa kwa alfabeti ya majina. Kitendo pekee kinachoruhusiwa ni kushika karatasi mbili na kuuliza ipi inatangulia. Kompyuta nazo hupanga hivyo katika programu nyingi. Swali: inahitajika kushika jozi mara ngapi, katika hali mbaya kabisa?

Karatasi zinaweza kuwa zimechanganyika kwa namna 1000!. Kila ulinganisho una majibu mawili tu. Baada ya ulinganisho mmoja unaweza kutenganisha hali mbili, baada ya miwili hali nne, baada ya k hali zisizozidi 2ᵏ. Ikiwa 2ᵏ ni ndogo kuliko 1000!, basi kutakuwa na michanganyiko miwili tofauti inayotoa majibu yaleyale mwanzo hadi mwisho, na mpangaji ataifanyia kitu kilekile yote miwili. Mmoja wao lazima utoke haujapangika. Kwa hiyo k lazima iwe kubwa kiasi cha 2ᵏ kufikia 1000!. Hapa faktoriali na kipeo vimekutana uso kwa uso, na mbano wetu unatoa jibu papo hapo. Ukuta wa chini, 1000⁵⁰⁰, unadai ulinganisho usiopungua 4,983. Ukuta wa (n/3)ⁿ unapandisha hadi 8,381. Hesabu kamili ya 1000! inatoa 8,530.

Na wapo wanaokaribia kikomo hicho. Mbinu ya kuunganisha mafungu yaliyokwisha kupangwa, ambayo John von Neumann aliibuni mwaka 1945 kwa ajili ya kompyuta za mwanzo, hupanga karatasi 1,000 kwa ulinganisho usiozidi 8,977. Nafasi iliyobaki kwa mvumbuzi mwingine yeyote ni ulinganisho mia nne na ushei, basi. Atakayekuambia ana mbinu ya kulinganisha inayohakikisha kazi hiyo kwa mara 8,000, huna haja ya kuiona mbinu yake ili kujua kwamba haifanyi kazi.

Ile mbinu ya von Neumann inatumia pungufu ya ulinganisho 9 kwa kila karatasi, na mtu anaweza kufikiri: basi tupange bei ya kudumu, tuseme 10 kwa kila karatasi, ziwe karatasi ngapi zitakavyokuwa. Kwa karatasi n tutakuwa na ulinganisho 10n, na hali tunazoweza kutenganisha ni 2 kwa kipeo cha 10n, ambayo ni 1024ⁿ. Huu ni msingi usiobadilika. Umekwisha kushindwa kabla hatujaanza, na ukuta wa mara tatu unatuambia mahali: karatasi zikifika 3,072, n! imeizidi 1024ⁿ, na bei ya 10 haitoshi tena kwa mbinu yoyote ile, iliyopo au itakayobuniwa. Ukipandisha bei iwe 20 kwa karatasi, msingi unakuwa 1,048,576, nayo inakwama kabla ya karatasi milioni tatu na robo. Bei ya 100 itadumu kwa muda mrefu kuliko karatasi zote zitakazowahi kuchapishwa duniani, lakini katika hesabu nayo ina mwisho wake. Kila karatasi inayoongezwa kwenye rundo kubwa inagharimu zaidi kidogo kuliko zilizoitangulia, na mbano wa n^(n/2) na nⁿ ndio unaosema kiasi gani: jumla ya kazi iko kati ya nusu ya n mara logi ya n na n mara logi ya n, kwa logi ya msingi wa 2.

Sharti moja lisisahaulike. Hesabu hii inamhusu anayelinganisha karatasi mbili mbili. Mwalimu anayepanga karatasi hizohizo kwa alama, kuanzia 0 hadi 100, anaweza kutandaza mafungu 101 sakafuni na kutupa kila karatasi kwenye fungu lake, kisha akayakusanya kwa mfuatano. Karatasi 1,000 amezishika mara moja kila moja, na hakulinganisha hata mbili. Hakuvunja kanuni yoyote ya faktoriali, kwa kuwa kila karatasi aliyoitazama ilimpa jibu moja kati ya 101, si moja kati ya mawili, wala hakuombwa kuzitofautisha zilizopata alama sawa. Akitakiwa kuzipanga kwa majina, mafungu hayo hayatamtosha.